Akaunti mpya kuzuiwa kufuata, kulaiki na kukomenti: yaliyonikuta mimi

“Wakuu, akaunti yangu ina siku tatu. Jana nimefuata watu kama hamsini, nikalaiki na kukomenti, ghafla naambiwa nijaribu tena baadaye. Sijamtukana mtu. Kosa langu nini?”

Mkuu, kilichokukamata ni mwendo. Hata mimi nilipofungua akaunti ya pili kwa ajili ya picha zangu, siku ya pili tu nilifungiwa hivyo hivyo, na nilichofanya baada ya hapo ndicho kilichoniumiza zaidi. Nakueleza usirudie.

Nilianza saa mbili usiku. Nikafungua orodha ya wafuasi wa ukurasa mmoja mkubwa wa picha, nikawa nabonyeza kitufe cha kufuata nikishuka chini, mmoja baada ya mwingine. Ndani ya dakika ishirini nilishafuata watu sitini hivi. Kila niliyemfuata nilimlaiki picha mbili, na wengi niliwabandikia komenti ile ile: “Kazi nzuri sana, nipitie na mimi.” Kwangu ilikuwa salamu. Kwa mfumo, huo ndio mwendo wa roboti: hatua nyingi zinazopishana kwa sekunde chache, maneno yaleyale, tena kutoka akaunti isiyo na historia. Wanaotuma utapeli hufungua akaunti kwa wingi na kuzitumia haraka kabla hazijakamatwa, kwa hiyo akaunti changa hupewa nafasi ndogo mpaka ionekane ina mtu nyuma yake.

Dalili ya kwanza hata sikuielewa. Nilibonyeza kufuata, kitufe kikabadilika kama kawaida, ila nilipoburuta ukurasa kuuonyesha upya kikarudi kilivyokuwa. Nikadhani ni mtandao. Ukitaka kujua kama ni kizuizi, angalia kama kurasa zinafunguka na ujumbe unatoka, halafu ingia akaunti hiyohiyo kwa kivinjari cha kompyuta. Kama kitendo kimoja tu ndicho kinachogoma, na kinagoma kote, basi kizuizi kiko kwenye akaunti. Kufuta programu na kuipakua upya hakutasaidia, maana hesabu inawekwa kwenye seva, haiko kwenye simu yako.

Sasa hapa ndipo wengi tunapoharibu. Tunafikiri saa ikigeuka hesabu inaanza upya. Mifumo mingi huhesabu kwa dirisha linalotembea, yaani kila ukibonyeza hutazama dakika sitini zilizopita, si saa ya ukutani. Tuseme, kwa mfano tu, kikomo ni hatua 60 kwa saa, na wewe umezimaliza zote kati ya saa mbili na saa mbili na dakika ishirini. Saa mbili na nusu bado una sitini ndani ya dirisha. Hata saa tatu na dakika tano, zilizotoka ni zile za dakika tano za mwanzo tu, kama kumi na tano. Na juu ya dirisha la saa kuna la siku, hivyo unaweza kupita dogo ukanaswa na kubwa. Mimi nilikaa nabonyeza kila baada ya dakika chache “kuona kama kimefunguka”. Mifumo mingine huhesabu hata jaribio lililokataliwa, na kung’ang’ania kwenyewe ni dalili nyingine ya roboti. Nikaogopa, nikaanza kuwaacha niliowafuata ili nisafishe hesabu. Kosa kubwa, kwa sababu kuacha kufuata nako ni hatua, na kufuata kisha kuacha kwa wingi ni mbinu mojawapo ambayo mifumo hii huiwinda. Kizuizi cha saa chache kikawa cha siku tatu.

Akaunti kongwe nazo hazijasalimika, ila zina nafasi pana zaidi. Mtandao wa X, kwa mfano, ulipokuwa bado unaitwa Twitter, Aprili 2019 ulishusha kikomo cha kufuata kutoka watu 1,000 hadi 400 kwa siku. Viwango vingi vingine havitangazwi, kwa makusudi, maana vikitangazwa watapeli watasimama hatua moja kabla ya kikomo. Ndiyo maana yule anayekuambia humu “ni thelathini kwa saa, uhakika” usimshike sana.

Kwa hali yako, acha kabisa kitendo kilichogoma kwa siku moja au mbili, bila kukijaribu. Kama uliwahi kuipa nenosiri programu yoyote ya kuongeza wafuasi, ondoa ruhusa yake kwenye mipangilio na ubadilishe nenosiri leo, kwani inaweza kuwa inaendelea kubonyeza kwa jina lako wakati wewe umelala. Usifungue akaunti nyingine kwenye simu hiyohiyo kukwepa. Ya kwangu ya tatu ilizuiwa siku ileile. Kikifunguka, fuata watu wachache, weka picha yako, soma, jibu komenti kwa maneno yanayohusu picha uliyoiona. Mimi nilikwenda hivyo wiki mbili, na tangu hapo ule ujumbe sijauona tena.