Lebo ya Kiingereza: ukubwa, rangi, kisha mbao?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nauza vigoda na vikapu hapa Majengo, Dodoma. Wateja wengine ni wageni, kwa hiyo lebo naziandika kwa Kiingereza. Kwenye kigoda nimeandika "small brown wooden stool". Kijana wangu anayesoma sekondari anasema nimekosea, "wooden" ianze, kwa sababu Kiingereza hugeuza Kiswahili. Je, ukubwa, rangi, halafu mbao, mpangilio huo unakubalika?

Jibu: Marahaba. Unakubalika, tena ndio wa kawaida. Lebo iache ilivyo.

Kijana ameshika nusu ya kanuni. Ni kweli Kiingereza huweka vivumishi mbele ya nomino, lakini hakipindui foleni nzima. Kinachohama ni nomino peke yake. Chukua "kigoda kidogo cha kahawia cha mbao". Ondoa kigoda pale mwanzoni, kipeleke mwisho, na vile vitatu vilivyobaki usivisogeze: kidogo, kahawia, mbao, kigoda. Hiyo ndiyo lebo yako neno kwa neno. Akipindua vyote atapata "wooden brown small stool". Mgeni ataelewa anachouziwa, ila sikio lake litakwaruzwa.

Foleni ina sababu yake. Mbao ndiyo kigoda chenyewe, kwa hiyo neno lake hukaa begani kwa nomino. Rangi unaweza kuipaka upya kesho. Udogo nao hutegemea kilichowekwa jirani, maana kigoda hichohicho kikikaa kando ya cha mtoto kinakuwa kikubwa. Kadiri sifa inavyotegemea macho ya mtazamaji, ndivyo inavyokaa mbali na nomino. Ndiyo maana neno la kusifu, kama "beautiful", hutangulia hata ukubwa. Umbo huingia kati ya ukubwa na rangi: "beautiful small round brown wooden stool". Hapo vimefika vitano, na kwa lebo ni vingi mno. Viwili au vitatu vinatosha.

Njia hii ya kuhamisha nomino ina mahali inapokwama, nako ni kwenye maneno ya "cha". Kiswahili kinaturuhusu kusema "kigoda cha mbao kidogo" na hakuna atakayeshtuka. Ukihamisha nomino ikiwa hivyo, unapata "wooden small stool", na huenda kosa la kijana limeanzia hapo. Kwanza rudisha "cha mbao" mwisho, ndipo uhamishe.

Tazama na kikapu. "Kikapu cha mkate" kina "cha" inayotaja kazi, na kazi haiachani na nomino. Vichukue vyote viwili kama jina moja, "bread basket", uvihamishe pamoja. Kwa hiyo kikapu cha mkate kidogo chekundu cha ukindu kinakuwa "small red palm-leaf bread basket". Kistari katika "palm-leaf" kisiachwe, maana bila hicho mtu anaweza kudhani mnazungumzia mti mwekundu badala ya kikapu chekundu.

Rangi ya maneno mawili nayo haitenganishwi. Kahawia iliyokolea ni "dark brown", na "dark" inaieleza "brown", haikielezi kigoda. Andika "small dark brown wooden stool". Kikapu cha rangi mbili kinahitaji "and" katikati: "red and white".

Ukiwa na vigoda vya mpingo, angalia zaidi. Jina la mti huo kwa Kiingereza ni "African blackwood", na weusi umo ndani ya jina. Ukiongeza "black" unajirudia. "Small African blackwood stool" inatosha.

Mkato usiweke kati ya ukubwa, rangi na mbao. Kipimo chake ni rahisi: jaribu kutia "and" baina ya maneno mawili, kisha jaribu kuyabadilishana nafasi. "Brown and wooden stool" inasikika vibaya, na kubadilishana hakukubali, kwa hiyo hakuna mkato. Lakini "strong, comfortable stool" unaweza kusema pia "comfortable, strong stool", kwa kuwa yote mawili ni ya kusifu. Hapo mkato unafaa.

Kijana anaweza kuleta hoja moja ya mwisho, kwamba amesikia Waingereza wenyewe wakitanguliza rangi. Hutokea. Umepanga vigoda vidogo tupu, vyeusi na vya kahawia. Mteja anaonyesha kwa kidole na kusema "the brown small one", akiikazia sauti "brown", kwa sababu udogo hauchagui chochote pale na rangi ndiyo inayochagua. Mkazo huo uko mdomoni. Lebo haina sauti wala kidole, hivyo kwenye lebo ukubwa utangulie.