Umeshinda kesi ya deni? Angalia riba inaanza kuhesabiwa lini kabla hujashangilia

Watu wengi wakishapewa hukumu wanaangalia figa moja tu, ile ya deni lenyewe, halafu wanakunja karatasi wanasubiri kulipwa. Mimi nauza vifaa vya ujenzi, na kukopesha makandarasi ni sehemu ya hii biashara upende usipende, kwa hiyo mahakamani nimeenda, na nikwambie tu kwamba kwenye kesi ya deni riba inaweza kuwa karibu nusu ya hela utakayochukua mwisho wa siku. Ila riba haiji kama mvua, inategemea umeomba nini, hakimu kaandika nini na siku gani imeanza kuhesabiwa. Naongelea Tanzania Bara, mahakama za wilaya, za hakimu mkazi na Mahakama Kuu. Mahakama ya mwanzo ina taratibu zake, usichanganye.

Kitu cha kwanza kuelewa ni kwamba riba ya kwenye kesi siyo moja, ni tatu, na kila moja ina tarehe zake na asilimia zake. Kuna ya tangu deni lilipoiva hadi siku unafungua kesi, kuna ya tangu kufungua kesi hadi siku ya hukumu, halafu kuna ya tangu hukumu hadi shilingi ya mwisho ilipwe. Ukiona hati ya madai imeandikwa tu "riba kwa kiwango cha mahakama" bila tarehe, mwambie wakili wako arudi mezani, maana hapo amemwachia hakimu akisie na hakimu hana kazi ya kukukisia.

Niwape ya kwangu ndo mtaelewa. Kandarasi mmoja (simtaji) alichukua nondo na saruji za 36,000,000, na oda ya manunuzi aliyosaini ilisema mzigo ulipwe kufikia tarehe 1 Machi 2019, akichelewa riba asilimia 18 kwa mwaka. Hakulipa, simu akawa hapokei, tukafungua kesi tarehe 1 Machi 2020 na hukumu ikasomwa tarehe 1 Machi 2022. Tarehe zimekaa vizuri kimahesabu, bahati tu.

Ile riba ya kwanza, kabla ya kesi, mahakama haikupi kwa huruma. Lazima uonyeshe inatoka wapi: mkataba, au mazoea ya hiyo biashara yanayojulikana na unayoweza kuyathibitisha, au sheria fulani inayosema. Sisi tulikuwa na oda yenye sahihi yake na muhuri wa kampuni yake kwa hiyo 18% ikapita, 36,000,000 kwa mwaka mmoja ni 6,480,000. Kuna jirani yangu wa duka alidai hiyo hiyo riba kwa mteja wake, ila yeye alikuwa ameiandika kwenye invoisi aliyomtumia baada ya mzigo kushapokelewa, yule mteja hajasaini popote, ikakataliwa. Kwa hiyo sharti la riba liwe kwenye karatasi anayosaini mteja kabla gari halijashusha mzigo.

Riba ya pili, wakati kesi inaendelea, hiyo iko mikononi mwa hakimu. Sheria ya Mwenendo wa Madai kifungu cha 29 (nasoma toleo la 2019) inasema mahakama inaweza kutoa riba hadi siku ya hukumu kwa kiwango inachoona ni cha haki. Tuliomba 18, tukapewa 12, na sikulalamika sana kwa sababu mkataba unamsaidia hakimu kujua kipi ni cha haki lakini haumfungi mikono. 12% ya 36,000,000 kwa miaka miwili ni 8,640,000. Jumlisha zote, siku hukumu inasomwa tunadai 51,120,000.

Hapa kuna kitu watu wanachapia. Kama unachodai siyo deni linalojulikana kiasi chake ila ni fidia ya jumla, yaani usumbufu, kuchafuliwa jina, maumivu, basi riba yake inaanza siku ya hukumu tu, hakuna kurudi nyuma hadi siku ya kufungua kesi. Sababu yenyewe ina mantiki, kabla hakimu hajakadiria hiyo fidia hakuna anayejua ni shilingi ngapi, sasa mtu atachelewesha vipi kulipa kitu ambacho hakijapimwa? Msimamo huu uliwekwa na iliyokuwa Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki kwenye kesi ya Mukisa Biscuit, ile ya mwaka 1970. Ndio, ni wale wale wa biskuti ambao mawakili wanawataja kila wakileta pingamizi la awali, walikuwa na mambo mengi mahakamani wale. Deni la bidhaa linalojulikana kiasi, riba tangu kufungua kesi, fidia ya kukadiriwa, riba tangu hukumu.

Sasa tuje riba ya tatu, ndo yenye ugomvi. Hii imewekwa na Sheria hiyo hiyo ya Mwenendo wa Madai, Amri ya 20 kanuni ya 21: asilimia 7 kwa mwaka tangu siku hukumu inatolewa hadi deni liishe. Inaweza kuwa zaidi kama mlikubaliana kwa maandishi, kabla au baada ya hukumu, au kama hukumu ni ya maridhiano, ila kwa vyovyote isivuke 12. Kwa hiyo mkataba wako hata ukisema asilimia 30 hadi siku ya malipo, hukumu ikishatoka hiyo 30 imekufa. Na usifurahi hakimu akikuandikia 20% baada ya hukumu, mwenzako akikata rufaa itashushwa tu na utakuwa umempa sababu ya kukuchelewesha. Pia hii 7% ni riba ya kawaida, siyo riba inayozaa riba, mwaka wa pili unahesabu juu ya kiasi kile kile.

Kiasi kipi? Soma tuzo yako (dikrii), ile karatasi ya amri inayoandikwa kutokana na hukumu, neno kwa neno. Kifungu cha 29 kinasema riba inabebwa na deni la hukumu, yaani kile kilichoamriwa chote, kwangu ni 51,120,000. 7% yake ni 3,578,400 kwa mwaka, karibu 9,804 kwa siku. Lakini tuzo ikiandikwa "riba 7% juu ya deni la msingi" basi unahesabu kwenye 36,000,000, ni 2,520,000 kwa mwaka. Zaidi ya milioni moja kila mwaka imepotea kwa maneno mawili tu. Rasimu ya tuzo ya kwetu ilikuja na hayo maneno ya "deni la msingi" wakati hukumu ilisema kiasi chote kilichoamriwa, wakili akaiona kabla haijagongwa muhuri ikarekebishwa. Ukiipata ishasainiwa, makosa ya kiuandishi ya namna hiyo yanaombewa marekebisho chini ya kifungu cha 96, siyo lazima rufaa. Ila fanya mapema, maana mahakama inayokazia hukumu inafuata tuzo ilivyoandikwa, haiongezi neno. Kama tuzo imenyamaza kabisa kuhusu riba, dawa ni hiyo hiyo, omba iwekwe sawa kabla hujaomba kukazia. Kwa wasomaji wa Kenya, kwenu kifungu cha 26 cha Sheria ya Mwenendo wa Madai kinasema tuzo ikinyamaza basi inachukuliwa mahakama imeamuru 6% kwa mwaka tangu siku ya tuzo, huku kwetu hatuna kipengele kama hicho.

Sasa huyu kandarasi alipoona dalali wa mahakama anamnyemelea akaleta mahesabu yake. Wakili wake alikuwa ameanza kuhesabu riba tarehe 1 Agosti 2022, eti ndo siku nakala ya tuzo ilitoka masijala. Siku 153 zimeyeyuka, kama milioni moja na nusu hivi. Hii ni janja ya kawaida sana na wengine hata siyo janja, hawajui tu. Tuzo hata ikisainiwa miezi mitano baadaye inabeba tarehe ya siku hukumu iliposomwa, na kanuni ya 21 inasema tangu kutolewa kwa hukumu. Siyo siku ya nakala, siyo siku ya kuomba kukazia. Na rufaa haisimamishi saa: mwenzako akipata amri ya kuzuia utekelezaji, riba inaendelea kutembea, akishindwa rufaa analipa na hiyo miaka yote.

Kwenye kulipwa kidogo kidogo ndo kuwe na macho. Tarehe 1 Machi 2023 alileta 10,000,000. Riba ya mwaka ilikuwa imefika 3,578,400, kwa hiyo risiti tuliiandika wazi, na yeye akasaini, kwamba hela inalipa kwanza riba halafu inayobaki, 6,421,600, inapunguza deni. Deni likabaki 44,698,400 linalozaa 8,572 kwa siku. Angeandika kwamba milioni 10 zote zinapunguza deni, lingebaki 41,120,000 na riba ya nyuma ingekaa pembeni haizai kitu, jumla siku ile ni ile ile lakini kuanzia hapo unapoteza kama 250,000 kwa mwaka. Risiti ya "nimepokea milioni kumi" tupu ni kualika ubishi, na nyie wote wawili mtakuwa na haki ya kubisha. Alimalizia tarehe 1 Septemba 2023, siku 184 baadaye, riba 1,577,302, jumla 46,275,702. Gharama za kesi ni faili jingine, zinaombwa na kukadiriwa peke yake, usizichanganye kwenye jedwali la riba maana msajili atakurudishia.

Na kama wewe ndo unadaiwa na unasoma hapa kimya kimya: kama sehemu ya deni unaikubali, usikae nayo benki ukisubiri kesi iishe. Iweke mahakamani na mdai apewe taarifa, tangu anapopata ile taarifa riba ya kile kiasi inakatika, mnabaki kubishania kinachobishaniwa tu. Ukishindwa yote ndo unajikuta unalipa 12% kwa hela ambayo tangu siku ya kwanza ulikuwa unajua siyo yako.