Video ya wanachama wapya wa kikoba: fuata kitabu cha mtu mmoja tu

"Wakuu habari zenu. Kikundi chetu cha kuweka na kukopa hapa mtaani kinaanza mzunguko mpya, na safari hii kuna wanachama saba wageni kabisa. Mwenyekiti kanitwika mzigo wa kutengeneza video moja fupi ya kuwaeleza michango ya kila mwezi inavyokwenda. Nimeandika kurasa nne, nikizisoma mwenyewe napotea. Nianze na nini, niache nini?"

Mkuu, hizo kurasa nne zirudishe kwenye faili la katibu. Mimi ndiye katibu wa kikoba cha watu 20 huku Mbagala, huu ni mzunguko wetu wa tano, na video yangu ya kwanza ilikuwa ya dakika 11. Nilisoma katiba kifungu kwa kifungu huku mwenyekiti kakaa pembeni kavaa koti. Siku ya kikao nikauliza nani kaiangalia. Mama mmoja akajibu kwamba aliangalia mpaka pale mwenyekiti anapokohoa. Mwenyekiti alikohoa dakika ya pili.

Ya pili ni dakika tatu kasoro kidogo, na hakuna sura ya mtu ndani yake. Kuna meza, vikombe viwili, maharage, kitabu cha hisa kimoja na mikono yangu. Simu niliifunga juu ya stuli iliyopandishwa mezani, ikitazama chini, karibu na dirisha ili mwanga uwe mzuri. Feni nilizima, maana kwenye simu ya mtu feni inasikika kama mvua ya bati.

Anza na kitu ambacho mgeni anakuja nacho kichwani. Karibu kila mwanachama mpya anaujua upatu: watu kumi wanachanga, mmoja anabeba zote, mwezi ujao mwingine. Kwa hiyo swali lake la kwanza kwenye kikoba ni "zamu yangu lini?" Usipolijibu mwanzoni, mengine yote unayosema anayapanga ndani ya upatu na anachanganyikiwa. Mimi sentensi ya kwanza kwenye video ni hii: "Hapa hakuna zamu. Unanunua hisa, pesa inakopeshwa kwa wanachama, mwisho wa mwaka tunagawana." Halafu naingia kwenye maharage moja kwa moja.

Harage moja ni hisa moja, na kwetu hisa moja ni shilingi 5,000. Kila mwezi mtu ananunua hisa isiyopungua moja na isiyozidi tano. Kwenye video nimemweka mwanachama mmoja, nikamwita Jirani, anayenunua hisa mbili kila mwezi. Maharage mawili yanaingia kikombe cha kwanza, na pale pale muhuri unagongwa mara mbili kwenye kitabu chake. Kisha naonyesha jambo ambalo wageni hawalijui: miraba mitatu iliyobaki wazi ya mwezi huo inapigwa mstari. Hiyo ni ili mtu asije baadaye akajiongezea hisa kwa kalamu. Ni sekunde nne tu, lakini kamera isogee karibu kabisa na karatasi, maana mgeni akishaona mstari ule anaelewa kwamba kitabu chake ndiyo risiti yake.

Kikombe cha pili ni mfuko wa jamii. Jirani anaweka 1,000 kila mwezi, ambayo mimi naionyesha kwa punje ya mchele ili isifanane na harage. Hapa sema polepole: pesa hii ni ya msiba na ugonjwa, haikopeshwi kwa riba, na mwisho wa mwaka hairudi kwa mtu mmoja mmoja. Kwetu ugomvi mkubwa wa siku ya kugawana ulianzia hapo, mtu alikuwa amejumlisha 12,000 zake za jamii kwenye hisa mwaka mzima. Tangu vikombe viwe viwili na punje ziwe tofauti, sijasikia tena.

Sasa mkopo, na hapa ndipo ukae zaidi. Mpaka Aprili Jirani ana hisa 8, yaani 40,000. Kwa katiba yetu anaweza kukopa mpaka mara tatu ya hisa zake, kwa hiyo mwisho wake ni 120,000, akiwa na wadhamini wawili ambao ni wanachama. Anakopa 90,000 kuongeza bidhaa kwenye genge lake. Riba ni asilimia 10 kwa mkopo wote wa miezi mitatu, ambayo ni 9,000. Anarudisha 99,000, sawa na 33,000 kila mwezi.

Watu wengi wanaishia hapo, na ndipo wanachama wanapoumia. Mgeni akisikia 33,000 anapanga 33,000. Siku ya kikao anakumbuka kwamba hisa na jamii havijasimama kwa sababu amekopa. Mei, Juni na Julai Jirani anatakiwa aje na 33,000 ya rejesho, 10,000 ya hisa na 1,000 ya jamii, jumla 44,000. Kwenye video nimeandika hiyo 44,000 kwa makapeni kwenye karatasi na kuiacha ikae mbele ya kamera kimya, bila maneno. Kama angepunguza hisa hadi moja miezi hiyo ingekuwa 39,000, na hilo linaruhusiwa, nalisema pia. Waliokuwa wanachelewesha marejesho kwetu wengi hawakuwa wakorofi, walipiga hesabu nusu tu.

Kisha kugawana. Chukua namba za mzunguko mmoja, zisiwe za kupamba. Sisi tulitumia hizi: kikundi kizima kiliuza hisa 600, sawa na 3,000,000. Riba iliyokusanywa kwa mikopo yote ya mwaka ni 360,000. Faini ni 60,000 (kuchelewa kikao ni 1,000, na wana-Mbagala tuna foleni zetu). Jumla 3,420,000. Gawa kwa hisa 600, unapata 5,700. Hisa iliyonunuliwa kwa 5,000 imerudi na 5,700. Jirani mwenye hisa 24 anachukua 136,800. Anayenunua tano kila mwezi ana 60, anachukua 342,000. Kwenye video namimina maharage yote mezani na kuyarudisha kwa kila mtu, halafu juu ya kila fungu naweka nyongeza kwa sarafu, 700 kwa kila harage. Usimfundishe mtu kugawanya, mwonyeshe tu kwamba anayegawiwa ni hisa, siyo kichwa.

Usiahidi faida. Baada ya kuituma video yetu, mzee mmoja fundi baiskeli alichukua kalamu akamfuata Jirani mwaka mzima: hisa 120,000, jamii 12,000, riba aliyolipa 9,000, jumla katoa 141,000. Kapata 136,800. "Huyu Jirani wako kala hasara ya 4,200," akaniambia mbele ya watu. Na hesabu yake ni sahihi. Nilimjibu kwamba Jirani alikaa na 90,000 ya watu kwa miezi mitatu gengeni kwake, na kama angefiwa mwaka ule mfuko wa jamii ungemtolea pesa ambayo haidaiwi. Lakini nilifurahi sikuwa nimesema kwenye video neno "pesa yako itazaa", maana angenimaliza. Anayepata nyongeza safi ni yule anayeweka sana na kukopa kidogo, na ni haki mgeni ajue hivyo.

Kuna udhaifu mmoja utaulizwa, ujiandae. Hisa iliyonunuliwa Januari na iliyonunuliwa Novemba zote zinachukua 700 sawasawa, ingawa ya Januari imefanya kazi mwaka mzima. Ndiyo maana kuna ukomo wa hisa tano kwa mwezi na hakuna kununua hisa za miezi iliyopita. Bila hivyo mtu angekuja Novemba na laki tatu akavuna jasho la wenzake. Sijaliweka kwenye video, linajibiwa kikaoni.

Vitu vya kutoa kabisa. Usionyeshe sanduku lilipo, wala nyumba linakolala, wala sura za washika funguo watatu. Video ya kikundi haibaki kwenye kikundi, ya kwetu niliikuta kwa shemeji yangu Tanga. Mimi nilionyesha kufuli tatu tu kwa karibu, kwenye sanduku tupu, nikasema kila ufunguo unakaa na mtu tofauti na sanduku linafunguliwa kikaoni mbele ya wote. Usitumie pia kitabu cha mwanachama halisi. Nilitumia cha dada mmoja, nikafunika jina kwa kidole, na bado watu walimtambua kwa jalada lililoungua kwa pasi. Alininunia wiki mbili. Nunua kitabu kipya, gonga mihuri ya Jirani.

Wageni wakiuliza kama kikundi kinatambulika, onyesha cheti cha usajili kwa sekunde mbili huku umefunika namba. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 vikundi vyetu viko daraja la nne, na usajili unapitia halmashauri. Historia zaidi ya hiyo haina nafasi kwenye dakika tatu.

Bei ya hisa na riba vikibadilika mzunguko ujao, video inakuwa imekufa. Kwa hiyo sauti niliyorekodi inasema "mzunguko huu" kila penye namba, na namba zenyewe ziko kwenye karatasi ndogo. Namba ikibadilika, narekodi upya vipande vyenye namba hiyo tu.

Kabla ya kuituma, mwonyeshe mtu mmoja asiyejua kitu, mara moja tu, kisha muulize haya: zamu yako lini? Ukikopa 90,000 mwezi ujao unakuja na shilingi ngapi? Ukiamua kutoka Juni unapewa nini? Hilo la tatu lina jibu kwenye katiba yenu. Kwetu anayetoka katikati anarudishiwa hisa kwa bei aliyonunulia, bila nyongeza, baada ya kukatwa deni. Mimi nilimjaribu kijana wa bodaboda wa kona yetu. La kwanza alijibu vizuri, la pili akasema 33,000. Nikarudi nyumbani, nikaiacha ile karatasi ya 44,000 ikae sekunde tano badala ya mbili.