Nimefuta PIN niliyotuma kwa WhatsApp: je, imeondoka kweli?

Swali: Nilisafiri nikaiacha nyumbani simu yenye laini ya pesa. Nikamwandikia mdogo wangu kwa WhatsApp PIN yangu ili anilipie deni, pia nikampa picha ya kadi yangu ya benki, mbele na nyuma. Malipo yalikamilika, na jana nikafuta kila kitu kwa "Delete for me". Je, inatosha?

Jibu: Haitoshi, ndugu msomaji, na ningekuomba uanze na jambo ambalo halihusu kufuta kabisa: badilisha PIN hiyo leo, kupitia menyu ya huduma yako ya pesa. Kufuta huondoa nakala, lakini hakuirudishii namba hiyo siri yake, kwa kuwa mtu aliyekwisha kuisoma au kuipiga picha bado anayo. PIN ikishabadilishwa, ile iliyobaki katika mazungumzo haifungui chochote. Kwa kadi hali ni ngumu zaidi, kwa sababu namba iliyo mbele, tarehe ya mwisho wa matumizi na tarakimu tatu za nyuma hazibadilishwi na mwenye kadi. Picha yako inazo zote, nazo mara nyingi zinatosha kufanya manunuzi mtandaoni, kwa hiyo iombe benki ifunge kadi hiyo na ikupe nyingine.

Sasa tuje kwenye nakala zenyewe. "Delete for me" imeondoa ujumbe katika simu yako peke yake. Kwa mdogo wako upo kama ulivyokuwa. Ungechagua "Delete for everyone" ndani ya muda unaoruhusiwa, ambao ni siku 2 na saa kadhaa baada ya kutuma, ungeondoka pande zote mbili na kuacha alama tu kwamba ujumbe umefutwa. Kosa linalowanasa wengi ni kwamba ujumbe ukishautoa kwako hivyo, huna tena cha kubonyeza ili uufute kwa mwenzako. Kitufe cha "Undo" huonekana kwa sekunde chache tu, kisha hutoweka. Njia iliyobaki ni kumpigia mdogo wako, nasisitiza kumpigia, kwani kumwandikia "futa ile PIN" ni kuongeza alama nyingine ya kumwonyesha mtu pa kutafutia.

Mwombe aufute ujumbe wenyewe, kisha aangalie sehemu mbili ambazo watu husahau. Ya kwanza ni majibu yake: ikiwa alijibu kwa kuunukuu ujumbe wako, maneno uliyoandika yamo ndani ya jibu lake, na hubaki hata ujumbe wa asili ukiondoka. Ya pili ni hifadhi ya picha ya simu yake. Ikiwa WhatsApp yake imewekwa kuhifadhi picha zinazoingia, ile ya kadi inaweza kuwa imekwisha kukaa huko, na pengine imepanda kwenye hifadhi ya mtandaoni. Aifute hapo, kisha aingie katika sehemu ya picha zilizofutwa hivi karibuni na kuiondoa huko pia. Nawe fanya hivyo, kwa kuwa ndiwe uliyeipiga. Kutafuta neno "PIN" au "kadi" katika mazungumzo hakutakusaidia kuiona, maana utafutaji huo hulenga maandishi. Fungua orodha ya picha za mazungumzo hayo na uitafute kwa macho.

Baada ya hapo ndipo mnashughulikia nakala rudufu. Iliyotengenezwa kabla ya kufuta bado inabeba ujumbe, na mtu akirejesha mazungumzo kutoka humo, unarudi. Kila mmoja wenu aingie "Settings", kisha "Chats", kisha "Chat backup", na kubonyeza "Back up", ili nakala mpya ichukue nafasi ya ile ya zamani mtandaoni. Kwenye simu za Android kuna nakala nyingine ndani ya simu yenyewe, zinazohifadhi takriban siku 7 zilizopita, hivyo msishangae ikiwa zitakawia kuisha.

Usifute ujumbe wa uthibitisho uliotoka kwa mtoa huduma. Namba ya muamala iliyo ndani yake haimwezeshi mtu kutoa pesa zako, na ndiyo utakayoulizwa ikiwa mdai atasema hakulipwa. Namba ya akaunti ya benki yenyewe, isiyoambatana na PIN wala tarakimu za kadi, nayo hutolewa kwa kila anayekutumia pesa, kwa hiyo kuiona katika mazungumzo ya zamani si dharura.

Safari nyingine, tuma pesa kwenye laini ya mdogo wako kabla hujaondoka, alipe kwa PIN yake mwenyewe.