Jibu: "au mtu mwingine yeyote"

Swali: "Majibu ya mazoezi yanasema anayedai ahadi lazima awe ametoa thamani yeye mwenyewe. Niko Dar, niliandike hivyo kwenye pepa?"

Hapana, mdogo wangu. Fungua Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura 345, kifungu cha 2(1)(d): thamani, yaani kile kinachotolewa kwa ajili ya ahadi, inaweza kutolewa na mwahidiwa "au mtu mwingine yeyote". Maneno hayo yametoka Sheria ya Mikataba ya India ya 1872.

Chukua mfano. Juma anamwahidi Asha laki tano iwapo baba yake Asha atamjengea Juma ukuta. Mzee anajenga. Kwa Tanzania dai la Asha halianguki kwa sababu hakubeba tofali hata moja. Ila soma kifungu chote: kazi iwe imefanywa kwa matakwa ya Juma. Mzee akijenga kwa hiari yake tu, thamani hakuna.

Jibu lako linanuka Uingereza. Huenda limetoka Kenya, ambako Sheria ya Mikataba, Sura 23, inaingiza kanuni za mikataba za Kiingereza. Ukiona maelezo yanaegemea kesi ya Kiingereza ya Tweddle v Atkinson ya 1861 bila kutaja kifungu hata kimoja, shtuka.