Maswali na Majibu: Usomaji wa Zimamoto

Nilikesha hadi alfajiri na kila kitu kilikuwa kimeingia. Kufika kwenye mtihani, kichwa kitupu. Nimelogwa?

Hujalogwa. Ulijipima vibaya. Ukurasa ukiusoma mara ya nne, maneno yanateleza bila kukwama, nawe unauhesabu ule mtelezo kuwa ndio ujuzi. Kumbe macho yamezoea tu. Mtihani haukuulizi kama umewahi kuliona jibu. Unakutaka ulitoe kichwani wakati daftari halipo, na kazi hiyo hukuifanya hata mara moja usiku kucha.

Watafiti wa kumbukumbu Roediger na Karpicke walilipima jambo hili mwaka 2006. Waliorudia kusoma waliwashinda waliofunga kitabu na kujaribu kukumbuka, lakini ushindi huo ulikuwa wa dakika tano tu. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka, waliojaribu kukumbuka wakawa mbele. Kwa hiyo hisia yako ya alfajiri haikuwa ya uongo, ila ilikuwa ya muda mfupi. Ukitaka kujua kama kitu kimeingia, funga daftari, fanya jambo jingine nusu saa, kisha kiandike kwenye karatasi tupu. Kisipotoka, hukijui, hata kama umekipigia mistari ya rangi tatu.

Mwalimu alisema akili hubeba vitu saba kwa mpigo. Ni kweli?

Saba ni hesabu ya mwanasaikolojia George Miller, mwaka 1956. Mwaka 2001 mwenzake wa fani hiyo, Nelson Cowan, alionyesha kwamba mtu akizuiwa kuvirudiarudia moyoni, hubaki na kama vinne. Lakini uliza kwanza "kitu" ni nini. Jaribu kuishika 188519562001 tarakimu moja moja: ni kumi na mbili, zitamwagika. Isome kama miaka mitatu, 1885, 1956, 2001, na mzigo umekuwa vifurushi vitatu. Kumbukumbu ya kazi, ile inayoshika vitu kwa muda mfupi unapofikiri, haikupanuka hata chembe. Kilichobadilika ni namna ya kufunga mizigo. Na kamba ya kufungia ni yale unayoyajua tayari. Asiyejua miaka ni nini angebaki na tarakimu zake kumi na mbili.

Hesabu naielewa ikifanywa ubaoni, nikiwa peke yangu nakwama katikati. Nikariri hatua?

Usikariri hatua. Kariri jedwali la kuzidisha, ambalo naona watu wazima wameanza kulidharau. Chukua 7 × 48 bila kalamu. Anayejua jedwali anapata 7 × 40 ni 280, anaishika, 7 × 8 ni 56, anajumlisha: 336. Asiyelijua anaishika 280, kisha anaanza kuhesabu: saba, kumi na nne, ishirini na moja... Akifika 56, ile 280 imeshamponyoka, naye anarudi mwanzo. Ukimtazama utadhani haelewi kuzidisha. Anaelewa vizuri sana, ila nafasi zake chache zimeliwa na 7 × 8. Ubaoni hukukwama kwa sababu chaki ilikushikia ile 280.

Kuna kidonge au kinywaji cha kuongeza kumbukumbu kabla ya mtihani?

Swali hili linakuja kila msimu, na jibu ni lile lile: lala. Kahawa itakufukuzia usingizi, ndio huo huo usingizi ambao ubongo huutumia kuyaimarisha uliyosoma mchana.

Rafiki yangu husoma usiku mmoja tu na anafaulu. Kwa nini mimi nisifaulu?

Huenda alikuwa akisikiliza darasani mwaka mzima, kwa hiyo usiku ule anafungua vifurushi vilivyofungwa zamani. Wewe unaanza kufunga saa nne usiku. Hata hivyo sitakudanganya, zimamoto huweza kumvusha mtu kwenye mtihani wa asubuhi. Muulize maswali yale yale baada ya wiki tatu.

Kuna hatari nyingine. Mambo yanayofanana yakiingia usiku mmoja huvurugana: ateri na vena, mitosisi na meyosisi. Mwanafunzi anakumbuka maelezo yote mawili, ila hajui lipi la nani. Mwalimu anayesahihisha hulitambua kosa hili mara moja, maana jibu limekamilika na limewekwa mahali pa jirani yake.

Mtihani ni kesho asubuhi na sijagusa kitu. Nifanyeje?

Chagua mada tatu, si kumi na mbili. Kila moja isome mara moja, funga kitabu, andika unachokumbuka, fungua uone ulichoacha. Zikiisha zote tatu, rudia kuandika ile ya kwanza. Saa tano zima taa.