Sababu kwanza, jina baadaye

Mara ya kwanza nilipopewa kazi ya kumtangaza mshindi wa tuzo, watu watatu walijiandaa kusimama. Ilikuwa sherehe ya wafanyakazi, na kamati ilinikabidhi karatasi yenye sifa za mshindi: mchapakazi, mwadilifu, mnyenyekevu, anayejitoa kwa ajili ya wenzake. Nilizisoma taratibu, kwa madaha, nikiinua sauti kidogo kila baada ya sifa moja, nikidhani naunogesha ukumbi. Kisha nikataja jina. Meza ya pili kutoka mbele, mtu mmoja alikuwa ameshafunga kifungo cha koti. Nilimwona akikifungua polepole huku akipiga makofi.

Kosa halikuwa kuchelewesha jina. Kosa lilikuwa kwamba nilichosoma kingeweza kumhusu yeyote mle ndani. Nani asiyejiona mchapakazi? Nilikuwa nimetega kitendawili chenye majibu 80, kisha nikawashangaa watu kwa kukosea.

Tangu siku hiyo nimesherehesha hafla nyingi, na nimebaki na msimamo mmoja. Anayetaja sababu kabla ya jina hafichi mtu, anaufungulia ukumbi mlango kidogo kidogo. Ukifanya vizuri, watu humtambua mshindi sekunde chache kabla hujamtaja. Raha yenyewe iko pale, kwenye ule mnong'ono wa "ni yeye, ni yeye" unaopita mezani. Wengi huuogopa mnong'ono huo wakidhani siri imevuja. Mimi huusubiri.

Kwa hiyo kazi kubwa hufanyika siku kadhaa kabla ya sherehe. Kamati ikinipa sifa, mimi hutafuta matukio. Nawaendea watu wanaofanya kazi karibu na mshindi na kuwaomba wanisimulie siku moja waliyomwona akifanya jambo ambalo hawajalisahau. Bila shaka ukiuliza habari za mtu mmoja tu, kufikia jioni kila mtu anajua nani kashinda. Kwa hiyo nauliza habari za watu wanne, na nasikiliza zote kwa makini uleule. Hizo tatu nyingine hazipotei, zitanifaa mwaka mwingine.

Hebu niwape mfano mmoja kamili. Mshindi alikuwa mtunza stoo, na jina lake naliacha. Kutoka kwa wenzake nilipata mambo mengi, lakini nikabakiza matatu tu. Tangazo lilikuwa hivi:

"Jioni moja mwaka huu, mfanyakazi mgeni aligundua amekosea hesabu. Boksi 64 aliziandika 46. Mwenzake mmoja angeweza kuripoti kosa lile na kwenda zake nyumbani. Hakwenda. Walihesabu upya pamoja, boksi moja moja, hadi usiku, na kwenye ripoti ya asubuhi jina la mgeni yule halikuonekana popote.

Miezi michache baadaye kompyuta zetu zilizima kwa siku nne. Kazi haikusimama, kwa sababu mtu huyohuyo alikuwa akiandika kila kitu kwa mkono, miaka yote ambayo sisi wengine tulimtania kwa kufanya hivyo.

Na hakuna hata mmoja wetu humu ndani, kuanzia mkurugenzi mpaka mimi, aliyewahi kutoka na hata kalamu moja bila kuambiwa: saini kwanza, ndugu yangu."

Angalia mpangilio. Habari ya boksi ilijulikana na watu wawili tu, kwa hiyo ilipofunguliwa hakuna aliyekisia chochote. Ukumbi ulisikiliza kisa, haukuwa unawinda jina. Habari ya kuandika kwa mkono iliwafanya wachache waanze kutabasamu. Ile "saini kwanza, ndugu yangu" ilimaliza kazi: kicheko kikalipuka na vichwa vyote vikageukia kona moja. Ningeanza na maneno hayo ya mwisho, kisa cha boksi kingesomwa kwa watu ambao tayari wanapiga makofi, na hakuna ambaye angekisikia. Kwa hiyo panga sababu zako kuanzia ile isiyojulikana na wengi hadi ile inayomhusu mtu mmoja tu duniani. Anayepanga kwa ukubwa, kwamba jambo zito ndilo la mwisho, mara nyingi hujikuta amemtaja mtu bila kukusudia kwenye sentensi ya pili.

Nilimwomba ruhusa yule mgeni kabla ya kusimulia kosa lake, na nikamwahidi kutomtaja. Ni vizuri kuuliza. Jambo la mtu mwingine, ugonjwa wa nyumbani au deni lililolipwa kimya kimya, linaweza kuwa sababu nzuri kabisa ya kumtunuku mtu na bado lisifae kusemwa kwenye kipaza sauti.

Kiswahili kinatusaidia sana katika kazi hii, ingawa hatukifikirii hivyo. "Alihesabu", "hakwenda", "alikuwa akiandika": hujui kama ni mwanamume au mwanamke, kijana au mzee. Unaweza kusimulia maisha ya mtu mwanzo hadi mwisho na usimfichue. Lakini mitego ipo. Ukisema "dada huyu" au "mzee wetu", umeshapunguza ukumbi nusu. "Ameoa" na "ameolewa" vinasema kila kitu, kama vilevile "mkewe" na "mumewe". Nilishawahi kusikia mtangazaji akijitahidi kuficha kwa dakika nzima, halafu akasema, "pamoja na majukumu ya kulea, mama huyu..." Mle ndani wanawake walioshindania tuzo ile walikuwa wawili, na mmoja hakuwa na mtoto. Na kama washindi ni wawili huku watu wakisubiri mmoja, viambishi vitakusaliti: ukisema "walifanya" tu, wameshajua. Hapo geuza sentensi, iseme kazi badala ya watu: kazi hii ilifanywa usiku, ilikamilika kabla ya wakati.

Kuna jambo jingine ambalo sitalitetea hata kwa rafiki. Wapo wanaotia chumvi kwa kuelekeza macho ya ukumbi kwa mtu asiye mshindi, wanamtazama, wanautaja mtaa wake, kisha wanageuza. Wanaita utani. Mimi nimeuona uso wa aliyefanyiwa hivyo. Msisimko mzuri hauhitaji kumdanganya mtu. Kila sababu unayotaja iwe ya kweli kwa mshindi, na kadri inavyowezekana isiwe ya kweli kwa mwingine. Ndiyo maana usiku wa kuamkia sherehe huwa naisoma karatasi yangu nikiwafikiria walioshindania tuzo, mmoja mmoja, nikijiuliza: huyu akisikia sentensi hii, atadhani ni yeye? Akidhani, naongeza tukio au naikata.

Urefu? Dakika moja na nusu inatosha, mbili zikizidi. Mimi husoma kama maneno 100 kwa dakika nikiwa mbele ya watu, taratibu kuliko ninavyoongea. Sababu tatu zinaingia humo. Ya tano haisikilizwi na mtu.

Sasa jina lenyewe. Liwe neno la mwisho la sentensi, na sentensi iwe ya mwisho ya tangazo. Watu wengi husema, "Basi ni..., kutoka idara ya ugavi, ambaye pia amekuwa nasi kwa miaka 19, karibu mbele." Makofi yanaanza kwenye jina, na yote yanayofuata yanamezwa. Idara na miaka vitangulie: "Kutoka idara ya ugavi, baada ya miaka 19 ya kazi, mshindi wetu ni", kisha pumzi moja, kisha jina, kisha funga mdomo. Pumzi hiyo ni sekunde mbili. Zihesabu kimoyomoyo, maana woga utazifanya ziwe nusu sekunde. Na zisizidi. Vichwa vikishageuka, ukiendelea kuvuta kamba, furaha inageuka kero, na mshindi anabaki ameinamia sahani hajui aangalie wapi.

Lifanyie jina mazoezi kwa sauti. Usimuulize mwenyewe linavyotamkwa, muulize anayekaa naye ofisini, na likiwa gumu liandike kwa silabi. Liandike peke yake kwenye kadi, herufi kubwa, bila jina jingine lolote juu wala chini. Mwaka 2015, kwenye fainali za Miss Universe, msherehesheaji Steve Harvey alimtangaza mrembo wa Kolombia kuwa mshindi, mrembo huyo akavikwa taji, na dakika chache baadaye Harvey akalazimika kurudi jukwaani kusema kwamba aliyeshinda ni wa Ufilipino. Kadi moja ilikuwa na majina ya washindi wa pili na wa tatu pamoja na la mshindi, na la mshindi liliwekwa chini pembeni. Watu walimcheka msomaji. Mimi niliicheka kadi.

Mengine yanayovujisha siri hayana uhusiano na mdomo wako. Ngao imewekwa mezani na jina limeangalia wageni. Picha ya mshindi inatokea kwenye skrini wakati bado unasema "mtu huyu". Mpiga picha, ambaye amepewa jina mapema ili asikose tukio, anachuchumaa kando ya meza moja na kamera yake imeelekezwa kwa mtu mmoja tu. Huyu wa mwisho alinishinda mara mbili kabla sijajifunza kumwambia asimame katikati ya ukumbi, na kumwonyesha upande kwa kidole dakika ya mwisho. Na hakikisha mshindi yupo. Nimewahi kujenga tangazo zuri kabisa, nikataja jina, na mtu alikuwa nje anapokea simu.

Mtindo huu haufai kila mahali. Tuzo ikitolewa kwa marehemu, taja jina tangu mwanzo, kwa sababu familia imekaa pale mbele na haihitaji kukisia. Nobel nayo hutangaza jina kwanza, sababu ndipo zifuate, na kwao inafaa: mshindi hayupo chumbani, na waandishi wa habari wanasubiri jina. Kumtambua mtu taratibu kunataka awe mle ndani, miongoni mwa wanaomjua.

Yule mtunza stoo alikuwa mle ndani. Aliposikia habari ya boksi aliinamisha uso, na kwa jinsi alivyokaa nilijua amejua. Kwa hiyo alikuwa na dakika nzima ya kujikusanya kabla ya watu kumgeukia, na alipofika mbele hakuwa akitetemeka. Mkurugenzi akamkabidhi ngao. Akaigeuza, akaitazama nyuma, akasogea kwenye kipaza sauti changu na kuuliza, "Hii nayo nasaini wapi?"